Chupa ya kinywaji cha embe: jinsi ya kuijua sukari yake hata kama hawajaiandika

Chukua chupa ya nusu lita ya kinywaji cha embe, ile inayouzwa kwenye friji ya duka lolote la mtaani. Mbele kuna embe lililokatwa, linalotiririka maji, na maneno matatu: "Ina vitamini C", "Haina kolesteroli", "Embe halisi". Usianzie hapo. Igeuze, utafute yale maandishi madogo ya viambato.

Tuseme yanasomeka hivi: maji, sukari, rojo la embe (8%), kidhibiti asidi (330), kizito (466), vitamini C (300), vihifadhi (202, 211), ladha ya embe, rangi (110).

Viambato hupangwa kwa uzito, kuanzia kile kilichotiwa kwa wingi zaidi. Hapa sukari imetangulia embe, na embe ni asilimia 8. Maana yake sukari haiwezi kuwa chini ya asilimia 8. Kwa hiyo kila gramu 100 za kinywaji zina gramu 8 za sukari au zaidi, na chupa nzima ina gramu 40 au zaidi. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba gramu 4 hivi, kwa hiyo una vijiko 10 tayari, na bado hujaangalia jedwali la virutubisho. Njia hii inafaa sana kwa bidhaa ambazo jedwali halipo au limefutika. Tafuta kiambato chenye asilimia, kisha uone kama sukari iko juu yake au chini yake.

Jedwali likiwepo, liangalie sasa. Utakuta mstari wa wanga, na chini yake, umesogezwa ndani kidogo, mstari wa sukari. Huo wa ndani ndio unaoutaka. Kosa linalowapata wengi ni kusoma safu isiyo yao. Mara nyingi kuna safu mbili, moja ya mililita 100 na nyingine ya "kipimo kimoja", na kipimo hicho hupangwa na mwenye kiwanda. Kwenye chupa yetu kipimo ni mililita 250, yaani nusu ya chupa, ilhali hakuna anayenunua chupa ile ili abakize nusu. Shika safu ya 100. Ikiwa imeandikwa sukari gramu 12, zidisha mara 5 na utapata gramu 60, sawa na vijiko 15.

Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu mzima anayekula kilokalori 2,000, hizo ni gramu 50, na afadhali zaidi zikishuka hadi 25. Chupa moja imevuka mpaka, na chai ya asubuhi bado haijahesabiwa. Kwa mtoto mdogo mpaka uko chini zaidi, kwa sababu anakula nishati kidogo kuliko mtu mzima, lakini chupa anayopewa ni ileile.

Ushauri huo unaingiza pia sukari ya asali na ya juisi ya matunda, hata iliyo safi kabisa. Ndiyo maana maneno "haijaongezwa sukari" kwenye boksi la juisi hayatoshi. Juisi halisi nyingi zina gramu 10 hivi kwa mililita 100, karibu sawa na soda. Maziwa ni habari nyingine: yana gramu 5 hivi za sukari yake ya asili kwa mililita 100, na hiyo haihesabiwi. Kwa hiyo mtindi wenye ladha ulioandikwa sukari gramu 13, toa 5 kwanza. Zilizobaki, gramu 8 hivi, ndizo zilizotiwa kiwandani.

Kwenye biskuti na nafaka za asubuhi kuna mchezo mwingine. Sukari hugawanywa majina: sukari, shira ya glukosi, dekstrosi, asali, molasi, juisi ya tunda iliyokolezwa. Kila moja ikiwa kidogo, inashuka chini kwenye orodha na unga unabaki juu peke yake. Ukiona majina matatu ya namna hiyo, yachukulie kama kiambato kimoja, na gramu za jedwali ndizo zitakazosema ukweli, kwa kuwa huko glukosi, fruktosi na sukrosi zote zinahesabiwa pamoja.

Turudi mbele ya chupa, sasa tukiwa na orodha mkononi. "Ina vitamini C" ni kweli: ni ile 300, iliyotiwa kiwandani, na haipunguzi hata gramu moja ya zile 60. "Haina kolesteroli" nayo ni kweli, ila kolesteroli hutoka kwenye vyakula vya wanyama, na embe halijawahi kuwa nayo. Maji ya bomba yangeweza kuandikwa hivyohivyo. "Embe halisi" ni ile asilimia 8.

Hapo ndipo viongezeo vinapokuwa na habari ya kukupa. Watu wengi huogopa namba zenyewe, na hofu hiyo haina msingi: 330 ni asidi ileile ya ndimu, na namba inaonyesha tu kwamba kiongezeo kinatambuliwa kwenye orodha ya kimataifa. Swali zuri zaidi ni hili: kiongezeo kimewekwa kuziba pengo la nini? 466 inaleta uzito ambao nyama ya embe ingeuleta, 110 inaleta rangi yake, na "ladha ya embe" inaleta harufu yake. Vikikutana vitatu hivyo, tunda limepunguzwa sana.

Namba chache zinahitaji umakini kwa watu maalumu. Rangi 102, 104, 110, 122, 124 na 129: Umoja wa Ulaya, tangu 2010, unalazimisha onyo kwamba zinaweza kuathiri utulivu na umakini wa watoto. Vihifadhi vya salfaiti, 220 hadi 228, vinaweza kuwabana kifua baadhi ya wenye pumu. Na 951, yaani aspatemu inayotia utamu badala ya sukari, haifai kabisa kwa aliyezaliwa na ugonjwa wa fenilketonuria.

Chumvi inahitaji hesabu moja zaidi, kwa sababu lebo nyingi huandika sodiamu badala yake. Zidisha sodiamu kwa 2.5. Pakiti ya tambi za papo hapo yenye miligramu 1,200 za sodiamu ina gramu 3 za chumvi, wakati kiwango cha siku nzima ni chini ya gramu 5. Hakikisha tu kwamba 1,200 ni ya pakiti nzima na si ya gramu 100. Usitafute neno chumvi peke yake kwenye viambato, maana 621, 211 na 500 nazo zina sodiamu. Na mbele pakiandikwa "chumvi imepunguzwa kwa 25%", piga hesabu: 1,200 inakuwa 900, yaani chumvi gramu 2.25, ambayo bado ni nyingi kwa mlo mmoja mdogo. Sehemu kubwa ya chumvi hiyo imo kwenye kile kipakiti cha viungo, basi tia nusu, na mchuzi uliobaki bakulini usiunywe.