Dawa ya kukausha kinyama cha bawasiri: kinachotokea baada ya kinyama kudondoka

"Wakuu, nina bawasiri mwaka wa pili. Kinyama kinatoka nikienda haja kubwa, kisha kinarudi chenyewe, damu kidogo. Kuna mzee huku ana dawa ya maji, anapaka kwa pamba mpaka ndani, kinyama kinakauka na kudondoka ndani ya wiki. Wengine huwa anawakata kwa wembe. Jirani yangu alipona. Niende?"

Mkuu, usiende. Nimefanya kazi ya uuguzi wodi ya upasuaji kwa miaka mingi, na hao "waliopona" ndio tuliokuwa tunawapokea.

Mzee wako hadanganyi, kinyama kitadondoka kweli. Ndiyo maana dawa hii haikosi wateja. Shida ni kwamba hakidondoki peke yake.

Nikupe mfano wa dereva mmoja wa lori. Alipakwa dawa iliyochemshwa kwa majivu na chokaa. Ni vitu vya asili kabisa, lakini ukivichanganya na maji unapata kitu kinachounguza sawa na kostiki ya kutengenezea sabuni. Kostiki ni mbaya kuliko watu wanavyodhani, maana inayeyusha nyama na kuzidi kuzama hata baada ya kuacha kupaka. Halafu sehemu ya juu ndani ya njia ya haja haina hisia za maumivu kama ngozi ya nje. Kwa hiyo yule bwana alilia kwa moto wa nje tu, huku ndani akiungua bila kujua.

Wiki ya pili kinyama kikatoka, akamshukuru mzee na kurudi barabarani. Kidonda kilichobaki kilikuwa kimezunguka njia nzima, na kidonda cha hivyo kikipona kovu lake hujivuta kuelekea katikati, kama mdomo wa mfuko unapokazwa kamba. Baada ya wiki kadhaa choo kikaanza kutoka chembamba. Akawa anakaa chooni muda mrefu, anakamua, anachanika, damu inarudi. Akadhani bawasiri imerudi, akataka kupakwa tena! Alipofika kwetu, daktari hakuweza kuingiza hata kidole kidogo. Kovu jepesi hupanuliwa taratibu kwa vifaa maalumu. Lake lilikuwa gumu, ikabidi afanyiwe upasuaji wa kulikata na kuvuta ngozi ya pembeni kuziba pengo. Wengine hutolewa choo tumboni kwa mfuko kwa muda, hasa kama pameoza.

Wembe una balaa lake. Kile kinyama ni fungu la mishipa ya damu, ukikikata bila kukifunga damu inamwagika, na nyingine hubaki ndani usiione. Chini yake kuna misuli inayobana haja. Mkono ukizidi kidogo, mtu anabaki akivujisha choo na upepo asiweze kuzuia. Pepopunda, homa ya ini na virusi vya Ukimwi navyo husafiri na wembe wa kuchangia. Wanaoingiza ugoro, pilipili au kitunguu saumu nao wanajiunguza, na ugoro ukinyonywa kule ndani unaleta kizunguzungu na kutapika.

Kwa maelezo yako, kinyama kinachotoka na kurudi chenyewe ni daraja la pili, na hapo mara nyingi kisu hakihitajiki. Ongeza maji, mboga na matunda, usikae chooni na simu, kaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, yasiwe na kitu chochote ndani. Isipotulia, daktari wa upasuaji anaweza kukifunga shina kwa mpira mdogo, juu kule kusikouma. Kinakosa damu, kinakauka na kudondoka ndani ya siku chache. Ni kile kile ulichoahidiwa na mzee, ila hapa kinaondoka chenyewe na njia inabaki. Kabla ya yote akupime kwa kidole na kuangalia ndani, kwa sababu saratani ya njia ya haja kubwa nayo huanza kwa damu, na nimeona watu wakipakwa dawa ya bawasiri huku uvimbe unakua.

Kwa anayesoma hapa na tayari amepakwa: osha kwa maji safi mengi upande wa nje, usijaribu kuzimua kwa limau wala magadi, usiingize kitu kingine. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama maumivu yamepungua. Ukiona homa, maumivu yanayozidi, au mkojo umegoma kutoka, hiyo ni dharura hata iwe saa nane usiku, maana uozo unaweza kuenea mpaka sehemu za siri kwa muda mfupi. Na tafadhali waambie ukweli ulichopakwa. Kama chupa ipo, beba.