Spika moja ya Bluetooth kwenye kikao cha Zoom: mbona wanamsikia katibu peke yake?

Swali: Kaka habari za kazi. Sisi ni ushirika wa kahawa hapa Mbale, chumba chetu cha kikao ni kidogo, mita 3 kwa 4, meza moja, watu watano. Kila Jumatatu tunaongea Zoom na wenzetu wa Nairobi, laptopu ya Windows na spika moja ya Bluetooth, ile ndefu ya duara yenye kitufe cha simu. Sisi tunawasikia safi kabisa, lakini wao wanasema wanamsikia katibu tu, sisi wengine tuko kama ndani ya kisima, na mara nyingine wanasikia sauti zao wenyewe zikiwarudia. Spika iko kwenye rafu ukutani karibu na tivii. Tununue ya pili?

Jibu: Nzuri dada, karibu. Hapana, msinunue ya pili, hela hiyo iwekeni kwanza. Laptopu inachukua maiki moja tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo spika ya pili itaongeza kelele chumbani na Nairobi bado watamsikia katibu peke yake.

Sasa hebu angalia ulichoandika mwenyewe. Anayesikika ni katibu, na mimi nabashiri katibu ndo anakaa karibu na laptopu. Afu mnasema mnawasikia safi kabisa. Hayo mawili yakiwa pamoja yananiambia maiki inayofanya kazi hapo ni ya laptopu, spika yenu iko pale rafuni inatoa sauti tu, maiki yake haijawahi kuguswa. Sababu ni hii: spika ya Bluetooth ina njia mbili za kuongea na kompyuta. Moja ni ya muziki, sauti nzuri, lakini inaenda upande mmoja tu, kutoka laptopu kwenda spika. Ya pili ni ya simu, inaenda na kurudi, maiki inafanya kazi, lakini sauti inabanwa: badala ya sampuli, yaani vipande vidogo vya sauti, 44,100 au 48,000 kwa sekunde unapata 16,000, na kwa spika za zamani 8,000, ndo maana mtu akiingia njia hiyo anasikia sauti imekuwa nyembamba ya simu. Nyie mnasikia safi, basi mko njia ya muziki.

Usiniamini mimi, jaribu hivi. Fungua Settings, ingia System, halafu Sound, shuka mpaka Input, pale kuna mstari unaopanda na kushuka sauti ikiingia. Tafuta tundu la maiki kwenye spika, ni kitundu kidogo cha kuingia sindano, mara nyingi kiko karibu na vitufe. Kikwaruze taratibu na ukucha. Mstari ukiruka, maiki ni ya spika. Ukikaa kimya, nenda ukwaruze juu ya skrini ya laptopu pembeni ya kamera, au pale juu ya kibodi, na ukiruka hapo umeshapata jibu. Jaribio hili nalipenda kwa sababu halidanganyi, ukiongea tu kwa mdomo maiki zote mbili zinakusikia na huwezi kujua ipi ni ipi.

Kurekebisha: ndani ya Zoom bonyeza kamshale kadogo pembeni ya alama ya maiki, utaona orodha mbili, Select a Microphone na Select a Speaker. Kwenye Windows 10 spika yenu itatokea kwa majina mawili, moja inaishia na Stereo na nyingine inaishia na Hands-Free AG Audio. Chagua ya Hands-Free kwenye orodha zote mbili, juu na chini. Watu wengi wanaweka Hands-Free kwenye maiki halafu wanaacha Stereo kwenye spika kwa sababu inasikika vizuri, matokeo yake mara nyingi upande wa Stereo unakaa kimya na wanadhani intaneti imekatika. Kwenye Windows 11 mpya unaweza kukuta jina moja tu, hapo chagua hilo hilo kote. Sauti ya Nairobi itashuka ubora kidogo, hilo likubalini, kikao ni maneno sio muziki.

Na kama spika haitokei kabisa kwenye orodha ya maiki, huenda haina. Hili linawachanganya wengi maana kampuni nyingi zimeondoa maiki kwenye spika mpya, mfano JBL Flip 4 inayo, Flip 5 haina. Yenu ina kitufe cha simu kwa hiyo sina wasiwasi sana.

Haya, sasa mahali pa kuiweka, na hapa ndo kazi yenyewe ilipo. Mliiweka rafuni kwa sababu mlifikiria masikio yenu, mnasikia wapi vizuri. Kwenye mkutano spika inawekwa kwa ajili ya maiki yake, masikio yenu yatajipanga yenyewe. Sauti ya mtu inayokwenda moja kwa moja kwenye maiki inashuka desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili, lakini ile inayogonga kuta na kurudi inabaki karibu ile ile chumba kizima. Ukiwa karibu, yako ya moja kwa moja inashinda. Ukiwa mbali, ya kuta inashinda, na hicho ndo kisima wanachokisikia Nairobi. Kuongeza sauti ya maiki hakusaidii kwa sababu inapandisha vyote viwili pamoja.

Tuchukue chumba chenu. Spika ikiwa rafuni, wa karibu yuko kama mita 1 na wa mwisho mita 3 na kitu, tofauti yao ni desibeli 10 hivi, mmoja anasikika anapiga kelele na mwingine ananong'ona hata kama wanaongea sawa. Iteremshe iwe katikati ya meza. Tuseme meza ni mita 1.8 kwa 0.9, wawili kila upande na mmoja kichwani, laptopu iko kichwa cha pili. Wa pembeni watakuwa sentimita 70 au 80 kutoka kwa spika, wa kichwani mita 1.1 hivi. Upande wa laptopu hakuna anayekaa, kwa hiyo isogeze spika sentimita 20 kuelekea kwa yule wa kichwani, umbali wa watu wote watano unakaribiana na tofauti inabaki desibeli 2 au 3 tu. Hiyo Nairobi hawataigundua. Mwenye sauti ndogo mkalishe karibu, mwenye sauti kubwa akae kichwani, hili ni bure kabisa na linafanya kazi kuliko setingi yoyote.

Ilaze au isimamishe? Kitundu cha maiki kitazame juu, au basi kisifunikwe na kisiangalie mtu mmoja. Spika nyingi za duara zina ngozi inayotetemeka kwenye ncha mbili, ukiisimamisha juu ya ncha hiyo unaiziba na meza inaanza kuvuma, kwa hiyo ilaze kama ilivyotengenezwa kulala. Chini yake weka kitambaa kilichokunjwa au mausi-padi, maana kila anayegonga kalamu au kuweka kikombe mezani Nairobi wanasikia ngurumo. Isikae kando ya feni ya laptopu, na ile ruta ndogo ya laini muiweke kwenye dirisha, si pembeni ya spika, kwa sababu waifai ya 2.4 na Bluetooth wanagombania hewa ile ile na sauti inaanza kukatika katika.

Sauti kuwarudia. Kumbuka kanuni hii: mtu akisikia sauti yake mwenyewe, kosa liko chumba cha upande wa pili, kwa hiyo Nairobi wakijisikia kosa ni lenu. Spika ilikuwa inaongea rafuni, maiki ya laptopu inanasa, na Bluetooth ya muziki inachelewesha sauti sehemu moja ya kumi ya sekunde au hata sehemu mbili za kumi, ile programu ya Zoom inayofuta mwangwi inababaika. Mkihamia Hands-Free, spika nyingi zinafuta mwangwi zenyewe kwa sababu zinajua zinachotoa. Ila zina kikomo. Mkifungulia mpaka mwisho spika inakoroma, na sauti iliyokoroma haifanani tena na ile iliyotumwa, kwa hiyo hakuna cha kuifuta. Anzeni nusu ya sauti, pandisheni kidogo kidogo mpaka wa kichwani asikie bila kuinama, mwishie hapo. Na mtu mwingine akifungua Zoom kwenye simu yake humo humo chumbani, asiunganishe sauti kabisa, kuzima maiki peke yake hakutoshi maana simu yake bado itatoa sauti na spika yenu itainasa.

Kuna jambo moja la spika hizi ambalo setingi haiwezi kuliondoa. Nyingi za bei nafuu zinafunga maiki kila upande wa pili unapoongea. Mtajua hivi: mwambieni mtu wa Nairobi ahesabu moja mpaka ishirini, nanyi mhesabu pamoja naye, halafu muulize amesikia namba zenu zipi. Akisema zilikuwa zinakatika au hakusikia kitu, spika yenu ni ya zamu, mmoja aongee mwingine asubiri. Wekeni mwenyekiti wa kugawa zamu na kikao kitaenda.

Kabla ya Jumatatu fanyeni zoezi, mmoja aende nje na simu yake aingie Zoom, wengine kila mtu akae kiti chake asome sentensi mbili za ajenda, yule wa nje aseme kiti gani ni kibaya. Simu ya katibu itoeni kwenye Bluetooth ya spika, maana ikipigwa katikati ya kikao spika itawakimbia. Chajini kabla, msitumie ikiwa kwenye chaja kama inavuma.

Mvua kwenye mabati sina dawa yake, hapo zimeni maiki na fungueni tu mnapoongea. Pazia zito dirishani na kitambaa mezani vinapunguza kisima, hasa kama sakafu ni ya vigae. Na siku mtakapokuwa saba au nane, mtu akiwa zaidi ya mita 1.5 kutoka mezani, hapo ndo muda wa kununua, lakini nunueni spika ya mikutano ya kuchomeka kwa waya wa USB yenye maiki kadhaa kuzunguka, na hii ya sasa mbaki nayo kwa muziki.