Picha ya mtoto kwenye bango la mchezo wa shule

"Mwalimu anataka kumvalisha mwanangu vazi la sungura apigwe picha ya bango la mchezo wa shule. Fomu imeandikwa tu 'nakubali mtoto apigwe picha'. Nitie sahihi?"

Dadangu, usitie sahihi hiyo fomu ilivyo. Mimi nilitia, msichana wangu akiwa na miaka 7, bango likabandikwa getini na hapo sikuwa na neno, lakini wiki haijaisha naikuta picha ileile Fesibuku shule ikitangaza nafasi za masomo, chini yake jina lake kamili na gredi, na ukiangalia vizuri shingoni vazi limefunguka beji ya shule inaonekana. Yaani mtu asiyemjua angeweza kusimama getini saa tisa akamwita kwa jina.

Mwaka uliofuata fomu nikaijazia mwenyewe kwa kalamu: bango la karatasi tu, getini na ukumbini, litolewe mchezo ukiisha, jina lisiandikwe, matumizi mengine yoyote niulizwe upya. Mwalimu mkuu alisita kidogo akakubali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hapa Kenya iko wazi, kifungu cha 33, taarifa za mtoto zinataka ridhaa ya mzazi au mlezi na zitumike kwa maslahi ya mtoto, na 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi.

Sasa mtoto mwenyewe. Usimuulize mbele ya mwalimu, pale atasema ndio tu. Mimi nilimjaribisha nyumbani, masikio ya manila yamepachikwa kwenye utepe wa kichwa akayapenda, nilipoleta penseli ya wanja nimchore masharubu akarudisha kichwa nyuma, nikaacha. Nikampiga picha moja nikamuonyesha, nikamuuliza ukiiona hii kubwa getini itakuwaje, akasema masikio sawa, uso hapana. Basi mwalimu akakata kinyago cha manila kuanzia paji mpaka puani, na bango lilitoka zuri tu manake sungura hata kwa mbali unamjua kwa masikio. Vazi nilimvalisha mimi, juu ya fulana na taitsi zake, asivuliwe nguo shuleni na mtu yeyote.

Kitu kingine ni simu. Zima lokesheni kwenye kamera kabla ya kupiga, kwa sababu picha inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa, na ukiituma WhatsApp kama dokumenti taarifa hizo zinakwenda nayo. Halafu fuata picha mpaka inapochapishwa. Mimi nilienda na mwalimu saiba, bango likatoka na kijana akashika kazi nyingine huku picha ya mwanangu imebaki pale mbele kwenye kompyuta ambayo kila mteja anaikalia. Nikamuomba aifute, afute na ile ya kwenye imeili, kisha amwage na faili la takataka, nikasubiri nimesimama mpaka akamaliza.