Sijakuuliza Nani Atapewa Ng'ombe

Wadogo zangu wa dawati la makala, juzi nimeletewa hati inayomtaja Jacques, yule pacha wa kiume wa ikulu ya Monako, kuwa "Kulwa". Nilicheka, kisha nikanywea, maana kosa hilo nililifanya mimi kabla yenu, tena hewani.

1. Mrithi si lazima awe aliyetangulia kuzaliwa. Mapacha wale walizaliwa Desemba 10, 2014. Mimi mezani nilikuwa na orodha ya warithi tu: Jacques wa kwanza, Gabriella wa pili. Nikaona yametosha. Nikafungua kipaza sauti na kutangaza kwa mbwembwe kwamba Monako wamepata Kulwa na Doto, na Kulwa ni wa kiume. Simu ya kwanza ilitoka Igoma, mama mtu mzima.

"Mwanangu, nani alitangulia?"

"Mrithi, mama."

"Sijakuuliza nani atapewa ng'ombe. Nimekuuliza nani alitoka kwanza."

Nikaweka wimbo, nikakimbilia tangazo la ikulu yao. Gabriella saa 11:04 jioni, Jacques saa 11:06. Dada alitangulia kwa dakika 2, ila sheria ya kule humweka mtoto wa kiume mbele ya dada yake hata kama dada ndiye mkubwa. Kulwa ni Gabriella, basi. Nilijisahihisha hewani kesho yake, na wiki nzima wauza dagaa wa Mwaloni waliniita Doto.

Kwa hiyo tafuteni chanzo chenye saa na dakika, na hatini "aliyezaliwa kwanza" na "wa kwanza kurithi" viwe vitu viwili. Na jamani, 17:04 si saa tano na dakika nne! Mwaka huu pekee nimeshaifuta mara mbili.

2. Pacha aliyefariki mchanga hupotea kwenye nasaba. James wa Pili wa Uskoti alizaliwa Oktoba 16, 1430, pamoja na Alexander, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa. Alexander alifariki akiwa mtoto mchanga, James akapata ufalme mwaka 1437, na baadhi ya michoro ya ukoo inamwonyesha James peke yake kana kwamba hakuwa na mwenzake. Hapa kwetu ingekuwa vigumu kumficha: ukijitambulisha kwa jina la Doto, swali linalofuata ni Kulwa yuko wapi.

3. Neno "mkubwa" lina wenyewe. Kwa Waganda, ng'ambo ya ziwa, Wasswa hutangulia na Kato hufuata, kama sisi. Lakini kwa Wayoruba, Taiwo ndiye hutoka kwanza na bado Kehinde huhesabiwa mkubwa, kwa kuwa inasemekana alimtuma mwenzake akaionje dunia kwanza. Chanzo kikiandika "mkubwa", uliza ni kwa hesabu ya nani.

Yule mama wa Igoma bado anapiga simu. Mara ya mwisho alitaka kujua kama Monako wameshapata Shija, mtoto wa kuwafuata mapacha wale. Nikamwambia bado, mama.