Laini Inavyojithibitisha kwa Mtandao: Maswali na Majibu

Nikiwasha simu tu, mtandao unajuaje kwamba hii ni laini yangu kweli?

Kadi yako imebeba namba ya utambulisho iitwayo IMSI, kwa kawaida tarakimu 15 (za Tanzania huanza na 640, za Kenya 639), pamoja na ufunguo wa siri wa biti 128 uitwao Ki. IMSI si siri, hupita hewani. Ki iliandikwa kadi ilipotengenezwa, na pacha wake unatunzwa kwenye kituo cha uthibitishaji cha kampuni ya simu.

Simu ikishajitambulisha, mtandao unaipelekea namba ya nasibu ya biti 128, RAND. Simu yenyewe haikokotoi chochote, inaipeleka tu kwa chipu ya kadi. Chipu inachanganya RAND na Ki, na kwenye 2G inatoa jibu la biti 32 liitwalo SRES. Kituo nacho kimepiga hesabu hiyohiyo. Majibu yakilingana, unaruhusiwa. Kwa hiyo Ki haisafiri kamwe, na aliyenasa jibu la jana hana cha kulifanyia, maana leo RAND ni nyingine.

Nina kisoma kadi cha kompyuta. Mbona naweza kusoma majina niliyohifadhi lakini Ki siioni?

Kwa sababu kadi ya laini ni kompyuta ndogo, na ndiyo inayoamua kipi kitoke. Majina na IMSI vimo kwenye mafaili yenye ruhusa ya kusomwa ukishaweka PIN. Kwa Ki, amri ya kusoma haipo kabisa. Unachoweza ni kuiomba kadi ikokotoe. Kwa kadi ya 2G, ukishaweka PIN na kufungua folda ya GSM kwa A0 A4 00 00 02 7F 20, amri ni hii, ikifuatiwa na baiti 16 za RAND:

```
A0 88 00 00 10 <RAND>
A0 C0 00 00 0C
```

Mstari wa pili unachukua jibu la baiti 12: nne za SRES, nane za Kc, yaani ufunguo wa kusimba mazungumzo. Ki inabaki ndani.

Lakini zamani laini zilinakiliwa. Waliwezaje?

Kwa kuiuliza kadi maswali mengi yaliyochaguliwa kwa makusudi. Kampuni nyingi zilitumia hesabu iitwayo COMP128, iliyofichwa isichunguzwe na wataalamu wa nje. Mwaka 1998 watafiti Marc Briceno, Ian Goldberg na David Wagner waliipata wakaonyesha ufa wake.

Ufa uko katika raundi ya pili ya uchanganyaji: baiti nne zinazotoka hapo hutegemea baiti mbili tu za Ki na mbili za RAND. Basi mshambuliaji anashikilia baiti 14 za RAND zisibadilike, anabadilisha hizo mbili tu, na kusubiri RAND mbili tofauti zilete jibu moja. Mgongano huo ukitokea, anajaribu kwenye kompyuta yake michanganyiko yote 65,536 ya zile baiti mbili za Ki, mpaka apate ule unaouzaa mgongano huo. Akirudia kwa jozi zote nane, Ki nzima imepatikana. Yote yalihitaji maswali kama 150,000, takribani saa 8 kadi ikiwa kwenye kisoma. Bila ufa huo, angebaki kukisia biti 128 kwa pamoja, kazi isiyowezekana.

Kadi za leo zimezibwa vipi?

Mitandao mingi ya 3G na 4G hutumia Milenage, hesabu iliyochapishwa hadharani na kujengwa juu ya AES, njia ya kusimba data inayotumika duniani kote. Mgongano wa aina ile haumo. Jambo la pili nalithamini zaidi: katika uthibitishaji wa 3G, mtandao lazima ujithibitishe kwanza. RAND huja na alama iitwayo AUTN, iliyotengenezwa kwa Ki ileile. Alama ikiwa ya uongo, kadi inakataa bila kutoa jibu, hivyo mwenye kisoma hawezi tena kuihoji apendavyo.

Si kwamba haivunjiki kabisa. Mwaka 2015 watafiti wa China walitoa Ki kwenye baadhi ya kadi za 3G na 4G kwa kupima umeme ambao chipu hutumia inapokokotoa. Kwa njia hiyo ni lazima kadi yako iwe mikononi mwao.

Basi mbona watu bado wanaporwa namba zao na pesa?

Huko hakuna kunakili. Namba yako ya simu haitokani na Ki; ni kumbukumbu kwenye kompyuta za kampuni, inayounganisha namba na IMSI. Tapeli anachukua kadi mpya yenye IMSI na Ki zake halali, kisha anamdanganya wakala au mhudumu aihamishie namba yako huko.

Dalili zinatofautiana. Kwa laini iliyonakiliwa ya 2G, mtandao unaonekana kama kawaida ila simu unazopigiwa huenda kwa kadi iliyojisajili mwisho. Namba ikihamishwa, kadi yako inakatwa: mtandao unapotea moja kwa moja, hata ukizima na kuwasha, ilhali jirani wa kampuni hiyohiyo anao. Hapo azima simu, piga huduma kwa wateja, na uombe wafunge laini na akaunti ya pesa kwa pamoja.