Kusimama mlimani na kushuka mteremko: breki ni zilezile, kazi ni mbili

Magari mengi ya mitumba kutoka Japani huja na kitu ambacho mwenye gari hukigundua tu siku akisimama mlimani: anaachia breki, na gari halirudi nyuma. Mengine yana pia kitufe chenye picha ya gari dogo linaloteremka. Kwa kuwa vyote viwili vinahusu milima, wateja wangu wengi huvihesabu kuwa kitu kimoja, na kimoja kikiharibika wanataka tutafute ubovu mmoja. Mimi hufanya kazi ya umeme wa magari Moshi, ambako ukitoka barabara kuu kuelekea Marangu au Kibosho huwezi kukwepa kupanda na kushuka, kwa hiyo swali hili hunijia mara kwa mara. Jibu langu ni kwamba mfumo wa kuondokea mlimani unatunza presha iliyotoka kwenye mguu wako, na mfumo wa kushukia mteremko unatengeneza presha yake wenyewe. Ukishika tofauti hiyo, utajua pa kuanzia kutafuta.

Tuanze na kuondoka mlimani, ambako kwenye vitabu vya gari huandikwa HSA au HAC. Ukikanyaga breki, mafuta ya breki hutoka masta silinda, hupita kwenye kitalu cha ABS, ndipo yanafika kwenye kaliper za magurudumu. Ndani ya kitalu hicho kuna valvu za umeme. Zinazohusika hapa siku zote ziko wazi, na hufunga pale tu zinapopewa umeme. Unapoachia pedali mlimani, kompyuta inafunga valvu mbili, moja kwa kila mkondo wa breki, na presha uliyoiweka inabaki imefungiwa upande wa magurudumu. Kwenye mfumo wa kawaida pampu haifanyi kazi yoyote hapo, ndiyo maana husikii mlio. Kwa kama sekunde mbili una nafasi ya kuhamisha mguu kwenda kwenye mafuta. Kompyuta ikiona nguvu ya injini inatosha kulibeba gari, inaachia presha taratibu. Sekunde zikiisha kabla hujakanyaga mafuta, inaachia vilevile.

Kwa hiyo usiutumie kama handbreki. Umeme ukikatika valvu zinafunguka, na gari linaondoka. Nimewaona watu wakishuka kwenda kufungua geti kwa sababu “limeshika”. Halijashika. Lina sekunde mbili.

Jambo la pili linalotokana na hapo ni kwamba kinachofungiwa ni presha uliyoitoa wewe. Ukiwa umesimama kwa kugusa pedali tu, huku gari lina abiria saba na mizigo juu, presha iliyofungiwa inaweza isitoshe. Kabla ya kuachia, kandamiza pedali kwa nguvu. Kwenye Toyota nyingi hilo ni sharti kabisa: ukishasimama unatakiwa uiongezee pedali mkandamizo, ndipo mfumo uingie na taa ya utelezi iwake au king’ora kidogo kilie. Wengi wanaoniambia “hiyo kitu haifanyi kazi kwangu” shida yao inaishia hapo, na siwatozi hela.

Sasa, gari linajuaje kwamba liko mlimani? Sensa za magurudumu zinaiambia kompyuta kwamba limesimama, swichi ya pedali na sensa ya presha zinasema umekanyaga, na gia inasema unataka kwenda upande gani. Kwenye gari la gia za mkono, swichi ya klachi nayo inaingia. Lakini mwenye kauli ya mwisho ni sensa ya mwinuko. Mara nyingi imekaa karibu na katikati ya gari, chini ya kasha la katikati ya viti, na kwenye baadhi ya magari imo ndani ya kitalu cha ABS chenyewe. Kazi yake ni kupima mvuto wa dunia kwa urefu wa gari. Sehemu tambarare husoma sifuri. Kwenye mwinuko wa asilimia 10, yaani mita 10 juu kwa kila mita 100 za kwenda mbele, husoma karibu 1 kwa kipimo cha mita kwa sekunde mraba. Asilimia 5 ni karibu nusu. Hesabu hii rahisi ndiyo iliyonitatulia kesi moja ambayo ningependa niieleze yote.

Mzee mmoja aliniletea gari lake la magurudumu manne akilalamika, “Fundi, nikipanda linanirudisha nyuma kama halina kitu. Nikiwa natoka nyumbani kwa rivasi, ambako pua imeelekea chini, linashika vizuri tu, tena kupita kiasi.” Taa zote kwenye dashibodi zilikuwa zimezimika kama inavyotakiwa, na skana haikuonyesha kosa lolote. Malalamiko ya namna hiyo, linashika upande mmoja na kugoma upande mwingine, hayatoki kwenye valvu. Valvu haijui pua inatazama wapi.

Nilifungua skana kwenye data za ABS na kutafuta mstari ambao kutegemea gari huandikwa Longitudinal Acceleration au Forward and Rearward G. Kisha tulilipeleka gari kwenye barabara yenye mwinuko mdogo, nikaweka alama ya chaki pale magurudumu yalipo. Pua ikitazama juu, sensa ilisoma 0.3. Tukaligeuza, magurudumu yakarudi kwenye alama zilezile, pua ikitazama chini. Ikasoma kasoro 0.9, yaani chini ya sifuri. Mlima ni uleule, kwa hiyo namba zingepaswa kulingana na kupishana alama tu. Chukua wastani wa 0.3 na kasoro 0.9, unapata kasoro 0.3. Hicho ndicho kiasi ambacho sensa ilikuwa inadanganya. Mwinuko wa kweli ulikuwa 0.6, yaani kama asilimia 6. Akipanda, gari liliona asilimia 3 tu, halikuona sababu ya kushika. Akirudi rivasi kutoka kwenye mteremko huohuo, liliona asilimia 9.

Uzuri wa njia hii ni kwamba huhitaji sakafu iliyopimwa. Sakafu za gereji zetu nyingi zina mwinamo wa kupeleka maji nje, na ukiiamini sakafu hiyo utakuwa umeongeza uongo mwingine juu ya ule wa sensa.

Kilichobaki ni kujua kwa nini. Kasoro 0.3 ni mwinamo unaokaribia nyuzi 2, na kwa gari ambalo umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni mita 2.7, hiyo ni sawa na kuinua nyuma kwa sentimita 8 hivi. Nikamwuliza mzee kama aligusa springi. Ndiyo, alikuwa ameweka springi ndefu na ngumu za nyuma ili abebe magunia ya mahindi bila gari kukaa chini. Sensa haikuwa mbovu hata kidogo: gari lenyewe lilikuwa linatazama chini siku zote. Tulitafuta sehemu ambayo kwa kuligeuza gari tulijua kweli ni tambarare, tukalipakia mzigo wake wa kawaida, kisha nikaendesha Zero Point Calibration kwenye skana, yaani kuifundisha sensa upya sifuri yake iko wapi. Baada ya hapo lilishika pande zote mbili. Kazi kama hiyo hutakiwa pia ukibadilisha sensa, au kama aliyefungua kasha la katikati hakukaza boliti za sensa sawasawa.

Kushuka mteremko ni habari nyingine. Land Rover walilileta wazo hili kwenye Freelander ya mwaka 1997 kwa jina la HDC. Toyota wao huandika DAC. Hapa mguu wako hauko kwenye pedali kabisa, kwa hiyo hakuna presha ya kufungia. Kompyuta inafunga zile valvu, inafungua nyingine za kuvutia mafuta kutoka kwenye hifadhi, na kuiamuru pampu ya ABS ijaze presha kwenye kaliper, gurudumu moja moja. Mlio wa grrr unaousikia chini ya boneti ni pampu hiyo, na hakuna kilichovunjika. Taa za breki nyuma huwaka pia.

Anayetawala hapa ni sensa ya gurudumu, kwa sababu gari linashuka polepole sana, mengine kati ya kilomita 5 na 7 kwa saa. Sensa za zamani za sumaku na waya uliozungushwa hutoa umeme unaofifia kadiri gurudumu linavyopunguza mwendo, na katika mwendo huo zinakaribia kuwa bubu. Ndiyo maana mfumo huu huhitaji sensa za kisasa zinazopewa umeme, ambazo husoma hadi karibu na kusimama kabisa. Usizipime kwa ohm kama zile za zamani. Hutapata jibu la maana.

Ubovu ninaoukuta zaidi hapa ni wa kutengenezwa. Kwenye bearingi nyingi za kisasa, pete ya sumaku inayosomwa na sensa imo ndani ya sili ya upande mmoja. Macho hayaioni, na bearingi inaingia vizuri hata ikigeuzwa. Fundi akiibana kinyume, gurudumu linazunguka laini lakini sensa haioni kitu, na ukianza kuendesha taa za ABS na za kuteremka zinawaka pamoja. Kabla ya kuibana, sogeza kipande kidogo cha chuma, klipu ya karatasi inatosha, karibu na kila upande: unaovuta ndio unaotazama sensa. Usiweke sumaku yenye nguvu hapo, utaiharibu pete.

Kisha kuna joto. Chukua gari la kilo 2,500 likishuka ukuta wa kreta ya Ngorongoro, kimo cha takriban mita 600. Nguvu inayotakiwa kumezwa inatosha kuchemsha zaidi ya lita 40 za maji ya baridi. Ukishuka katika gia kubwa, karibu yote inaenda kwenye diski na pedi, na hakuna kipimajoto pale. Kompyuta hukadiria joto kwa presha, mwendo na muda, na likizidi, taa ya mfumo huanza kuwaka na kuzima, na breki kuachiwa taratibu. Ukiiona, usingoje: simamisha gari kwa mguu mahali salama, acha diski zipoe. Afadhali uweke gia ndogo kwanza, na L4, yaani gia za chini za magurudumu yote manne, kama ipo, injini ibebe sehemu kubwa ya mzigo, kisha ndipo ubonyeze kitufe. Nyutro usiiguse.

Na angalia mafuta ya breki. DOT 3 mpya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205, lakini yakishanyonya unyevu kiwango hicho huruhusiwa kushuka hadi 140. Yakichemka kwenye kaliper yanakuwa mvuke, mvuke unabanwa, na hapo pampu na mguu wako vyote vinasukuma hewa. Mimi huyabadilisha kila baada ya miaka miwili kwa magari yanayoshuka milima, na huendesha pampu kwa skana wakati wa kutoa hewa, kwa sababu mafuta ya zamani hubaki ndani ya kitalu ukitumia pedali peke yake.