iTax imefunga akaunti yangu na Juni 30 imepita

“Nikiweka nywila iTax inasema akaunti imefungwa. Nilitaka tu kupeleka ritani ya sifuri. Nifanyeje?”

Kuchelewa kupita Juni 30, siku ya mwisho ya ritani, hakufungi akaunti, ndugu. Mara nyingi ni nywila kukosewa mara kadhaa, kwa hiyo acha kubahatisha. Weka PIN yako ya KRA, bonyeza Continue, kisha chagua Forgot Password/Unlock Account. Nywila mpya itatumwa kwa barua pepe uliyojisajili nayo. Angalia hata kwenye spamu. Kama barua pepe hiyo huna tena, nenda Huduma Centre na kitambulisho chako, KRA wakubadilishie.

Ukiingia, fungua Returns, File Nil Return, kisha upakue risiti ya kupokelewa uihifadhi. Usiogope tarehe kupita, mfumo bado unapokea.

Wanaosema ritani ya sifuri haina faini wamepata nusu: kodi hudaiwi, lakini kuchelewa ni shilingi 2,000. Lipia kupitia Payment Registration, ukichagua Penalty, si Self Assessment.

“Na mimi mwajiri alikata PAYE, nipeleke sifuri?”

Hapana, dada. Wewe unahitaji P9 kutoka kwa mwajiri, fomu inayoonyesha mshahara wako na kodi uliyokatwa. Mapato yako si sifuri.